Kabla hujamwinua aliyekaa kwenye siti yako

Mguu wangu wa kushoto una chuma tangu nilipovunjika juu kidogo ya goti, na haukunji vizuri. Nikikaa dirishani kwa saa mbili tu, nikishuka siwezi kukanyaga. Kwa hiyo ninapokata tiketi ya kutoka Dodoma kwenda kwa mama Singida, sichagui siti kwa ajili ya mandhari. Nataka siti ya koridoni, upande wa dereva, kwa sababu nikikaa huko korido inakuwa kushoto kwangu na mguu unapata pa kunyookea. Kwenye mabasi mengi ya viti viwili kwa viwili ninayopanda mimi, safu hupewa herufi kuanzia mbele, na viti huhesabiwa kuanzia upande wa mlango: 1 na 2 huku, 3 na 4 kule kwa dereva. Siti yangu basi ni namba 3. Safu ikiwa D nafurahi zaidi, maana haiko mbali na mlango na haiko juu ya tairi.

Naeleza hayo mapema kwa sababu mara nyingi nikisimulia habari ya kukuta mtu kwenye siti yangu, naambiwa, "Si ungekaa popote tu, safari ni ileile." Kwangu si ileile. Halafu "popote" kwenye basi la mkoani haipo. Siti unayoiona tupu pale stendi ya Nanenane inaweza kuwa na mwenyewe anayesubiri Manyoni na begi lake, tiketi mkononi.

Nianze na siku niliyokosea, maana ndiyo iliyonifundisha. Ilikuwa mwaka 2018, Dar es Salaam, stendi ya Ubungo, kabla mabasi hayajahamia Mbezi. Saa kumi na moja alfajiri, giza, vumbi, wapiga debe wanakuvuta begi. Nikapanda, nikafika kwenye siti yangu, nikamkuta mama amekaa na mtoto mchanga amelala mapajani. Sikumsalimu. Nilimwambia, "Dada, hiyo siti yangu, naomba uinuke." Akasema ana tiketi. Nikasema na mimi ninayo, tena nimekata tangu juzi. Sauti ikapanda, watu wa nyuma wakaanza kusukuma kwa sababu nimeziba korido, na yule mama akaona aibu akainuka. Akasimama na mtoto begani, mfuko wa nepi mkononi, mimi nimekaa.

Kondakta alipofika akaomba tiketi zote mbili. Tarehe sawa, siti sawa, saa sawa, kampuni ileile. Kisha akaniuliza, "Dada, umesoma namba ya gari?" Sikuwa nimesoma. Asubuhi hiyo kampuni ilikuwa na mabasi mawili yanayoondoka saa ileile, yamepakwa rangi moja, yamesimama bega kwa bega. Langu lilikuwa la pili. Niliinuka, nikamwomba mama yule radhi, na alinijibu vizuri, lakini mtoto alikuwa ameshaamka analia. Kilio kile nimekibeba mpaka leo.

Tangu hapo nikajiwekea utaratibu kabla sijamwambia mtu neno lolote. Nasoma tiketi yangu mambo manne, na nayasoma nikiwa bado chini, siyo ndani: tarehe, namba ya usajili ya gari nikiilinganisha na kibao cha gari lenyewe, siti, na wapi mpaka wapi. Tarehe watu wengi wanaidharau, lakini anayekata tiketi ya basi la usiku hujichanganya kirahisi, maana akiambiwa "ya leo usiku" naye anapanda saa saba usiku, kwenye karatasi siku imeshageuka. Namba ya gari nayo hubadilika. Gari likiharibika, kampuni inaleta jingine, na mpangilio wa siti unaweza usifanane na ule uliouona wakati wa kukata. Hapo nusu ya abiria watakaa kwa kukisia, na kila mmoja atakuwa na haki kwa tiketi yake. Ukiona gari siyo lililoandikwa kwenye tiketi, usipande moja kwa moja ukaanza kugombea. Muulize kondakta mlangoni, "Siti zinahesabiwaje humu?" Swali hilo moja limeniokoa zaidi ya mara moja.

Sasa nisimulie safari ya Desemba, maana humo ndimo kila kitu kilikutana.

Nilikuwa napanda Nanenane, basi linatoka Dar linakwenda Mwanza. Mabasi ya namna hiyo hayakai sana Dodoma. Yanaingia mchana, wa Dodoma wanashuka, buti linafunguliwa, wanaopanda wanapanda, kidogo tu utasikia honi. Kwa hiyo chochote unachotaka kutengeneza kuhusu siti, muda wako ni huo. Basi likishavuka Bahi, aliyekuuzia tiketi yuko mbali, ofisi iko mbali, na kondakta hana tena pa kukupeleka ila ndani ya vyuma vilevile.

Nilipofika safu ya D nikamkuta mzee. Umri wa baba yangu au zaidi, fimbo ameiweka katikati ya magoti, kofia ameivua ameiweka juu yake. Pembeni yake dirishani, D4, dada mmoja anaangalia simu. D3 yangu imekaliwa na mzee.

Begi sikuliweka juu kwenye keria. Hilo nalo nimejifunza: ukishapandisha begi juu ya kichwa cha mtu, umeshamwambia ainuke kabla hujafungua mdomo. Nililiweka kati ya miguu, nikajibana kwenye nafasi ya safu ya C ambayo mwenyewe alikuwa hajafika, ili wanaopanda wapite.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Poleni na safari. Mmepandia wapi, hapahapa?"

"Hapahapa Dodoma. Naenda Nzega, kwa kijana wangu."

Kumbe naye alikuwa amepanda dakika chache kabla yangu. Jibu hilo lilinipa kazi nusu. Angekuwa ametoka Dar, ningejua huenda alikata tiketi ya kuishia Dodoma akapitilizwa. Lakini amepandia Nanenane kama mimi, na wakala wetu huenda ni mmoja. Basi kosa linaweza kuwa kwenye namba.

Nikatoa tiketi yangu mimi kwanza. Hapa ndipo naomba watu wanielewe, maana ni jambo dogo lenye uzito. Ukimwambia mtu mzima, tena mbele ya watu, "Hebu nione tiketi yako," umejifanya askari. Na kama hasomi vizuri, au miwani ameiacha, umemvua nguo. Nikasema, "Mzee, naomba tusaidiane. Mimi wameniandikia D3, na nikiangalia hapa juu naona ndiyo hii. Sasa sijui kama wametuchanganya. Yako wameandikaje?" Nikamwonyesha na kile kibandiko kilicho juu ya dirisha, chenye D3-4.

Akatoa tiketi kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa ya kuandikwa kwa mkono, peni ya bluu, na imekunjwa mara nne. Pale penye siti pameandikwa herufi ambayo tumbo lake la chini limejaa na la juu limebanwa hata halionekani vizuri. Ukiitazama haraka, D. Ukiitazama kwa kutulia, B. Mwandishi alikuwa na haraka. Nikageuza tiketi upande wa mwanga nikaona ule mkato mdogo wa katikati. Na jina la kampuni lililochapwa juu ya karatasi lilikuwa na B yake, nikazilinganisha mbele yake kwa kidole.

"Mzee, mimi naona kama ni B. B3. Ni safu mbili mbele."

Akaanza kuinuka.

Hapo nilimzuia. Nilimshika mkono nikamwambia, "Usiinuke kwanza mzee, ngoja niangalie mbele kuna nani." Kwa sababu niliwahi kuona kinachotokea. Unamwinua mtu, anakwenda kwenye siti yake, anamkuta mwingine, yule mwingine naye anasema tiketi yake ni hiyohiyo, na mtu wako anabaki amesimama koridoni na mizigo, gari linaondoka. Umepata siti yako, lakini umemwacha mzee hewani. Kumwinua mtu kabla hujajua anakwenda kukaa wapi si kumaliza tatizo, ni kumpa yeye tatizo lako.

Nikaenda mbele hatua mbili. Kwenye B3 amekaa kijana, amevaa spika za masikio, amelala au anajifanya kulala. Nikamgusa bega kidogo.

"Samahani kaka, siti hii mmepewa namba?"

Akatoa spika moja. "Nimekaa hapa tangu Morogoro."

Hakuwa mkali, lakini hakujibu nililouliza. Na mtu akijibu hivyo, mara nyingi hana namba. Sikubishana naye. Sikuwa na haki yoyote juu ya B3, siyo siti yangu, na mzee hakunituma nikamgombeze mtu. Hapo ndipo pa kumwita kondakta.

Kumwita kondakta kuna namna. Wapo wanaopiga kelele kutoka katikati ya gari, "Konda! Konda! Njoo uone huku!" Akija, anakuja amekasirika, anakuta watu kumi wanaongea pamoja, na jambo la kwanza atakalofanya ni kumwambia aliye mpole zaidi akakae nyuma. Mimi nilishuka mpaka mlangoni. Alikuwa chini anapokea mizigo ya buti na kuandika namba kwa chaki. Nikasubiri amalize begi moja, nikamwambia kwa ufupi, "Kaka, nina D3, Dodoma–Singida. Kwenye D3 yuko mzee mwenye B3, Dodoma–Nzega. Na B3 ina kijana wa kutoka Morogoro. Naomba uje na orodha yako kabla hatujaondoka."

Maneno hayo nilikuwa nimeyapanga kichwani. Namba za siti, nani anatoka wapi kwenda wapi, na orodha. Orodha ya abiria ndiyo inayoamua. Humo kila siti ina jina na sehemu ya kupandia na kushukia, na kondakta akiishika mkononi mazungumzo yanabadilika, hakuna tena wa kumshinda mwenzake kwa sauti.

Alipanda nayo. D3, jina langu. B3, jina la mzee, kuanzia Dodoma. Kwa hiyo kutoka Dar mpaka Dodoma ile B3 ilikuwa haina mtu, na hapo ndipo mchanganyiko ulipozaliwa. Kijana alikuwa amepanda Msamvu, stendi ya Morogoro, akalipa nauli ya kuishia Dodoma, akaelekezwa akae pale penye nafasi. Ilikuwa sawa kabisa, siti ilikuwa tupu. Karibu na Dodoma akapigiwa simu, akaamua kuendelea mpaka Manyoni, akamwongezea kondakta nauli, na kondakta akapokea. Ila hakuna aliyekumbuka kwamba ile siti ilikwisha Dodoma. Nauli iliongezwa, siti haikuongezwa.

Kijana aliposikia amekosa, akapandisha. "Nimelipa! Hela yangu mmeila, sasa mnanitoa?" Na alikuwa amelipa kweli. Naomba niliseme hili waziwazi, kwa sababu ndani ya basi watu walishaanza kumwita mbishi. Hakuwa mbishi. Aliuziwa safari bila kuuziwa mahali pa kukaa, na aliyefanya hivyo alikuwa amesimama mbele yake na orodha mkononi.

Kondakta akataka kumpa kile kistuli cha plastiki, akae koridoni karibu na dereva. Kijana akakataa, na mimi nikamuunga mkono. Stuli haina mkanda, haijafungwa chini, na gari likifunga breki ghafla aliyekaa juu yake anakwenda kwenye kioo cha mbele. Tena ni kujazia abiria, na askari wa barabarani wakilikuta wanalisimamisha gari, mnachelewa wote. Nilimuuliza kondakta swali moja tu: "Kwenye orodha, kuna siti inayoanza kuwa na mtu baada ya Manyoni?"

Akapekua. Akateremsha kidole mpaka chini. Ikapatikana K2, mwenyewe anapandia Singida. Kijana anashuka Manyoni. Siti ilikuwa inamtosha na kumzidi. Akachukua begi lake akaenda nyuma, akiwa bado amenuna, lakini amekaa kwenye kiti chenye mkanda. Kondakta akaandika pale pembeni ya K2, kwa peni, "Manyoni." Kisha, na kisha tu, nikamwambia mzee, "Sasa twende." Nikambebea kikapu, dada wa D4 akashika fimbo, tukamkalisha B3. Mambo yote yalichukua muda wa kumaliza kupakia mizigo. Honi ilipopigwa mguu wangu ulikuwa umeshanyooka.

Ingekuwa haikupatikana siti? Nimewahi kuyaona hayo pia, safari nyingine. Hapo hakuna maneno matamu yatakayozaa kiti. Aliyezidi anatakiwa kushuka palepale stendi akiwa na tiketi yake, akarudishiwe nauli au akapewe gari linalofuata, na kondakta aongee na ofisi yeye mwenyewe kwa simu mbele ya abiria. Usikubali "twende tu, mbele kuna wa kushuka" mpaka uambiwe ni nani, anashukia wapi, na siti namba ngapi. Kondakta akigoma kabisa, LATRA, wanaosimamia usafiri wa ardhini, wana namba ya bure ya malalamiko. Mimi huwa napiga picha tiketi yangu na namba ya gari kabla ya kupanda, maana tiketi zinazochapwa na mashine kwenye karatasi laini hufifia, na karatasi ikishafifia unabaki na neno lako tu.

Siku hizi nasafiri pia kwa treni ya SGR nikienda Dar, tangu ilipofika Dodoma Julai 2024. Huko nimekuta mtu kwenye siti yangu mara mbili, na mara zote mbili namba ilikuwa sawa, behewa ndilo lilikuwa siyo. Kila behewa lina namba zake za siti zinazojirudia, na mtu aliyezoea basi anatafuta siti anasahau behewa. Mara ya kwanza aliyekosea alikuwa yeye, mara ya pili nilikuwa mimi. Salamu ni ileile, tiketi yangu natoa kwanza, ila swali la kwanza nauliza, "Hili ni behewa namba ngapi?" badala ya siti. Na nikishindwa, namwita mhudumu wa behewa. Treni inaondoka kwa saa yake, haikusubiri, lakini tofauti na basi unaweza kutembea kwa ndani ukahamia behewa lako hata ikiwa imeshaondoka.

Kuna jingine ambalo watu hulichanganya na hili. Wakati mwingine aliyekaa kwenye siti yako anajua kabisa ni yako, anaomba tu. "Dada naomba nikae hapa, mtoto anatapika, nipishe." Hilo si kosa la tiketi, ni ombi, na ombi lina majibu mawili. Ningekuwa mzima ningempisha mama mwenye mtoto bila kuulizwa mara mbili. Kwa mguu huu, nasema, "Pole mama, nina chuma mguuni, ila ngoja tumuulize wa pale." Na huwa namuulizia kweli. Mkibadilishana, mwambieni kondakta, maana orodha yake haijui kwamba mmebadilishana, na atakayepanda mbele atakuja kumwinua mtu asiye na hatia.

Manyoni kijana alishuka. Alipopita kwenye safu yangu akasimama kidogo, akasema, "Asante dada," akaendelea. Mzee alikuwa amelala, kofia usoni.

Singida tuliingia jua limeshainama. Nikiwa nafunga begi, nikamwona msichana amesimama koridoni, amejibana pembeni ili wanaoshuka wapite, begi lake kati ya miguu, karatasi mkononi. Alikuwa anaangalia kibandiko cha juu ya dirisha, kisha mimi, kisha kibandiko.

"Shikamoo," akasema. "Samahani, wameniandikia D3 mpaka Mwanza, sijui kama..."

"Marahaba mdogo wangu. Ndiyo hii hii," nikamwambia. "Nashuka. Karibu ukae."